Kuandika Upya Aya ya Triangulesheni: Kila Chanzo cha Data Kieleze Kazi Yake

Ukifungua sura ya tatu ya tasnifu za kimaelezo, mara nyingi utakutana na aya ya namna hii:

> "Ili kuhakikisha uhalali na uaminifu wa data, mtafiti alitumia triangulesheni. Data zilikusanywa kwa mahojiano ya kina, majadiliano ya vikundi, ushuhudiaji na upitiaji wa nyaraka. Matumizi ya mbinu hizi nne yalimwezesha mtafiti kuthibitisha matokeo na kuondoa upendeleo."

Triangulesheni ni kulichunguza jambo moja kwa vyanzo au mbinu zaidi ya moja na kuvilinganisha. Lugha ya aya hii ni safi, lakini haisemi kilichofanyika. Ihamishie kwenye tasnifu ya chanjo Bariadi au ya shule za kata Tabora, itakaa vilevile bila kubadilisha neno. Mtahini akiuliza, "Nyaraka zilithibitisha nini hasa?" aya haina jibu, na mara nyingi mwandishi naye hana, kwa sababu hakuwahi kukaa chini akalitafuta.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye data ameshakusanya na sura ya matokeo imeshaandikwa, sasa anaambiwa aifanyie kazi aya hiyo. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga kwa ajili ya maelezo haya, kwa hiyo usitafute mwalo wala mwanafunzi mwenyewe, ila mazingira yake atayatambua yeyote aliyewahi kushinda kwenye mialo ya Ziwa Victoria, mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kule Ilemela, Sengerema au Ukerewe.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anachunguza jinsi wanawake wanaokausha dagaa wanavyowapata dagaa hao kutoka mtumbwini. Swali lake kuu: asubuhi ambayo dagaa ni wachache na wanunuzi ni wengi, nani anapewa kwanza, na kwa nini? Amewahoji wanawake 16. Ameendesha vikundi viwili vya majadiliano, kila kimoja watu 7. Ameshinda mwaloni asubuhi 10 akiangalia mitumbwi ikipokelewa. Amesoma daftari la BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni, la miezi mitatu. Aya aliyoiandika ndiyo hiyo hapo juu.

Anza na sura ya matokeo

Wengi wakiambiwa waboreshe aya ya triangulesheni hukimbilia vitabu vya mbinu, wakaongeza fasili mbili tatu na majina ya wataalamu. Aya inarefuka, na swali la mtahini linabaki palepale. Mahali pa kuanzia ni sura ya nne. Ichapishe, chukua kalamu za rangi nne, kila chanzo rangi yake, kisha pitia kila hoja uliyoitoa na upake rangi ushahidi ulioutumia pale. Usipake chanzo unachodhani kilihusika. Paka kile ambacho maneno yake, tukio lake au takwimu yake ipo kwenye ukurasa.

Kwa mwanafunzi wetu picha inayotokea ni hii. Rangi ya mahojiano imejaa kila mahali. Rangi ya vikundi inaonekana hapa na pale, karibu kila mara ikifuata neno "vilevile": wahojiwa walisema hivi, na vilevile washiriki wa vikundi walisema hivi. Ushuhudiaji umetumika mwanzoni mwa sura kueleza mwalo ulivyo, mitumbwi, vichanja, mchanga, kelele za asubuhi, kisha hauonekani tena. Daftari la BMU limetajwa mara moja, kusema mwaloni kuna mitumbwi mingi.

Kwa hiyo dai kwamba mbinu nne zilithibitisha matokeo halina msingi kwenye sura yenyewe. Chanzo kimoja kilibeba matokeo na vingine vilisimama pembeni. Jambo hili ni afadhali ulione wewe mwenyewe sasa kuliko kuonyeshwa siku ya utetezi.

Ukikuta chanzo hakionekani popote, una njia mbili za haki. Ya kwanza ni kurudi kwenye daftari la uwandani na kukichambua sawasawa, maana data zipo na ulizikusanya kwa ridhaa ya watu. Ya pili ni kukishusha cheo: useme wazi kwamba kilitumika kuelewa mazingira tu, na hakimo kwenye ulinganisho. Zote mbili zinakubalika. Isiyokubalika ni kukiacha kwenye orodha ili orodha iwe ndefu. Tuseme mwanafunzi wetu amechagua njia ya kwanza, akarudi kwenye maandishi yake ya zile asubuhi 10.

Kila chanzo kinaona nini, na kinafichwa nini

Chukua karatasi nne. Juu ya kila moja andika jina la chanzo, kisha jibu maswali matatu kwa sentensi kamili: kilijibu sehemu gani ya swali langu? Kiliona nini ambacho vingine havikuona? Ni kitu gani ambacho chanzo hiki kisingeweza kukiona hata ningekitumia mwaka mzima? Swali la tatu ndilo linalorukwa sana, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote.

Mahojiano ya mtu mmoja mmoja yanaeleza mipango ambayo haionekani kwa macho. Mwanamke anasimulia kwamba alimpa tajiri wa mtumbwi hela ya mafuta jioni, au kwamba anachukua dagaa kwa mali kauli na kulipa akishauza Mwaloni Kirumba. Anaweza kusema, "Ukimtangulizia tajiri hela ya mafuta, asubuhi hawezi kukuacha." Hayo hakuna daftari linaloyaandika. Lakini mahojiano yanategemea kile ulichouliza na kile anachokikumbuka. Ukimuuliza habari za hela, atakujibu habari za hela. Weka alama hapo, tutaparudia.

Majadiliano ya kikundi yanakuonyesha kile kinachoweza kusemwa mbele za watu. Wanawake saba wakiketi pamoja, utasikia utaratibu unaokubalika ni upi, utaona nani anakatiza maneno, nani ananyamaza. Hayakuonyeshi deni la mtu. Mwanamke mwenye deni kwa tajiri ambaye shangazi yake ameketi kiti cha pili hatalitaja, na hapaswi kushinikizwa alitaje.

Ushuhudiaji unakupa mpangilio wenyewe: mtumbwi umefika saa ngapi, ndoo ya kwanza imeenda kwa nani, nani ameingia majini hadi magotini na karai lake, nani ameondoka mikono mitupu. Hauonyeshi hela iliyolipwa jana usiku. Tena una suala la kalenda ambalo ni lazima liandikwe. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo kusema "ushuhudiaji wa asubuhi 10" hakutoshi. Ziliangukia giza au mbalamwezi? Mwanafunzi wetu, akirudi kwenye tarehe zake, anaona 7 zilikuwa za giza na 3 zilikaribia mwezi mpevu, na katika hizo 3 hakukuwa na upokeaji wa maana wa kuangalia. Ushuhudiaji wake kwa swali hili ni asubuhi 7. Aandike 7, na aeleze zile 3 zilikuwaje.

Daftari la BMU linaandika tarehe, jina la mtumbwi, idadi ya ndoo na ushuru uliolipwa. Halimtaji mnunuzi. Kwa hiyo halina uwezo wowote wa kuthibitisha nani alipewa kwanza, na dai lolote la namna hiyo lifutwe. Kuna jingine la kuangalia: kwa kuwa ushuru unafuata idadi ya ndoo, wapo wenye sababu ya kutaka idadi iandikwe pungufu, na dagaa waliouzwa kabla mtumbwi haujagusa mwalo hawaingii kabisa. Je, daftari halina faida? Linayo, ila ni nyingine. Likilinganishwa siku kwa siku, linaonyesha asubuhi zipi zilikuwa za uhaba na zipi za neema, bila mtafiti kutegemea kumbukumbu ya mtu wala hisia yake mwenyewe. Ikiwa upungufu wa uandikaji unafanana siku hadi siku, tofauti kati ya siku bado inasomeka. Hii ni kazi ndogo, lakini ni kazi halisi, na swali la utafiti linaihitaji, kwa sababu linauliza habari za asubuhi za uhaba.

Pima kama vyanzo vinategemeana

Hapa ndipo aya nyingi huvunjika, hata zile zilizoandikwa kwa uangalifu. Vyanzo viwili vikikubaliana vina uzito pale tu ambapo kimoja hakikutokana na kingine. Tafuta watu waliohusika katika vyanzo zaidi ya kimoja.

Mwanafunzi wetu anapanga majina kwa namba za siri alizowapa, M01 hadi M16, na anagundua kwamba kati ya washiriki 14 wa vikundi, 10 walikuwa wameshahojiwa. Vikundi hivyo haviwezi kuitwa sauti ya pili inayojitegemea. Kwa sehemu kubwa ni wanawake walewale wakizungumza katika hali tofauti. Hiyo haivipotezei thamani, bali inabadilisha swali vinaloweza kujibu. Badala ya kuuliza kama watu wengine nao wanasema hivyo, sasa unauliza: watu walewale wanasema nini wakiwa faraghani, na nini wakiwa hadharani?

Kitu cha pili anachogundua ni kizito zaidi. Kikundi kimoja kilikutana kwenye ofisi ya BMU, na katibu anayeandika daftari alikuwepo karibu muda wote. Taarifa hii imo kwenye daftari lake la uwandani, ila haikuingia kwenye tasnifu. Ni lazima iingie. Bila hiyo msomaji hawezi kuyapima maneno ya kikundi hicho.

Msomi Norman Denzin, mwaka 1970, alizigawa triangulesheni katika aina nne: ya data, yaani watu, nyakati au mahali tofauti, ya watafiti, ya nadharia, na ya mbinu. Mgawanyo huu hauhitaji kujaza ukurasa. Unautumia kujiuliza wewe umefanya ipi. Mwanafunzi wetu amelinganisha mbinu. Watafiti hakuwalinganisha, maana alikuwa peke yake: alihoji mwenyewe, akaangalia mwenyewe, akachambua mwenyewe. Macho yaliyosoma mahojiano ndiyo yaliyoandika yaliyoonekana mwaloni. Kwa hiyo ile sentensi ya "kuondoa upendeleo" inafutwa yote. Njia nne mikononi mwa mtu mmoja zinaweza kumwonyesha alipokosea. Haziwezi kumwondolea jicho lake.

Chagua hoja chache ulizozilinganisha kweli

Triangulesheni haifanyiki kwa tasnifu nzima kwa mkupuo. Hufanyika kwenye hoja moja moja. Tafuta hoja mbili au tatu ambazo vyanzo vinakutana, kisha ueleze vinakutana namna gani. Vinaweza kusema jambo lilelile. Vinaweza kugawana, kimoja kikieleza kipande ambacho kingine hakikioni. Au vinaweza kupingana. Aya za kawaida huandika kana kwamba la kwanza ndilo pekee lililopo, na huko ni kupoteza mali, kwa sababu mawili ya mwisho ndiyo yanayofundisha zaidi.

Tuichukue hoja kuu ya mwanafunzi wetu: anayetanguliza hela hupewa kwanza.

Anafungua daftari la BMU na kuzitazama zile asubuhi 7 za giza. Katika asubuhi 4 kati ya hizo, ndoo zilizoandikwa ni chache kuliko siku nyingine za giza za mwezi uleule. Hizo anaziita asubuhi za uhaba. Katika 3 zilizobaki dagaa walikuwa tele, na maandishi yake mwenyewe yanaonyesha kila aliyekuja alipata. Swali lake linabaki kwenye zile 4.

Anasoma maandishi ya ushuhudiaji ya asubuhi hizo 4 na kuorodhesha nani alipokea ndoo ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kila mtumbwi alioweza kuufuatilia. Kisha anaangalia kwenye mahojiano kama mwanamke huyo alisema amemtangulizia hela tajiri wa mtumbwi ule. Angalia vyanzo vinavyoshikana hapa: macho yanaona mpangilio lakini hayaoni hela, mahojiano yanaeleza hela lakini hayakushuhudia asubuhi. Peke yake, hakuna kinachojibu swali. Wanaounganishika ni wale tu wenye namba za siri, kwa hiyo mwanamke ambaye hakuhojiwa anabaki nje ya ulinganisho, na hilo litaandikwa.

Kwa sehemu kubwa vyanzo vinaendana: waliotanguliza hela ndio walioondoka na ndoo za mwanzo. Lakini asubuhi moja M11, ambaye kwenye mahojiano alisema hajawahi kumpa tajiri yeyote hela, ndiye aliyepewa ndoo ya kwanza kabisa. Kishawishi ni kuliacha tukio hili kama bahati ya siku moja. Mwanafunzi wetu anatafuta maandishi ya mazungumzo aliyoyafanya naye baadaye siku ileile na kukuta amejiandikia pembeni: nahodha ni shemeji yake. Anarudi kwenye mwongozo wake wa mahojiano na kuona hakuuliza popote habari za undugu. Maswali yote yalihusu hela na mikopo. Ile alama tuliyoiweka ni ya hapa: mahojiano yalionyesha njia moja tu kwa sababu yaliulizia njia moja tu, na ushuhudiaji ndio uliofichua ya pili. Sasa anaisoma upya data yote akitafuta undugu, na hoja yake inabadilika: hela hufungua njia, na undugu nao hufungua njia, ingawa kuhusu undugu ushahidi wake ni mwembamba.

Kisha vikundi. Katika vyote viwili kauli ilikuwa moja: "Hapa kwetu hakuna upendeleo, anayewahi ndiye anayepata." Inapingana waziwazi na vyanzo vingine viwili. Usiitupe, wala usihukumu kwamba wanawake wale walidanganya. Angalia kauli ilitolewa wapi na mbele ya nani. Kikundi kimoja kilikuwa na katibu wa BMU chumbani. Cha pili hakikuwa naye, lakini kilichanganya waliotanguliza hela na wasiotanguliza, na ni vigumu kwa mtu kutaja upendeleo unaomfaidisha mbele ya aliyeukosa. Kinachoonekana ni kwamba kuwahi ndiyo kanuni inayotajwa hadharani, na hela na undugu ni utaratibu unaojulikana lakini hautangazwi. Hilo nalo ni tokeo, na lisingepatikana kama vyanzo vyote vingesema kitu kimoja.

Kuhusu kulinganisha, lipo sharti ambalo si la kuandika tu bali la kulishika kazini. Ulichoambiwa faraghani usikipeleke kwenye kikundi ili kukihakiki. Kumwambia mwanamke mbele ya wenzake, "Lakini nimesikia watu hutanguliza hela," kwenye mwalo ambao kila mtu anamjua mwenzake, ni kumfichua aliyekuamini. Ulinganisho unafanyika mezani kwako, kwa namba za siri. Na kwa M11, neno "shemeji wa nahodha" pamoja na tarehe vinatosha kumtambulisha, kwa hiyo kwenye tasnifu ataandikwa "mwanamke mwenye undugu na mmoja wa wavuvi", bila tarehe na bila namba yake.

Aya mpya

Sasa ndipo unaandika. Fuata mpangilio wa kazi ilivyofanyika: swali, kazi ya kila chanzo, jinsi vilivyolinganishwa, mahali vilipotofautiana, na mpaka wa dai. Ya mwanafunzi wetu inaweza kuwa hivi:

> "Vyanzo vinne vilitumika, kila kimoja kwa kazi yake. Mahojiano ya kina na wanawake 16 yalieleza mipango inayofanyika kabla mtumbwi haujafika, hasa kutanguliza hela na mali kauli. Ushuhudiaji ulirekodi mpangilio wa kupokea ndoo katika asubuhi 7 za giza. Asubuhi nyingine 3 zilikaribia mwezi mpevu na hazikutumika kujibu swali hili kwa kuwa mitumbwi mingi haikuvua. Daftari la BMU la miezi mitatu lilitumika kutenganisha asubuhi za uhaba na zisizo za uhaba. Halikutumika kuthibitisha nani alipewa dagaa, kwa kuwa haliandiki wanunuzi, wala kukadiria kiasi halisi cha dagaa. Vikundi viwili vya majadiliano, vyenye washiriki 14 ambao 10 kati yao walikuwa wamehojiwa, vilitumika kubaini kanuni inayotajwa hadharani na havikuhesabiwa kuwa chanzo kinachojitegemea. Kikundi kimoja kilikutana katika ofisi ya BMU, katibu akiwepo.
>
> Ulinganisho ulifanyika baada ya ukusanyaji wa data, kwa hoja ya nani hupewa kwanza. Kwa kila mtumbwi uliofuatiliwa katika asubuhi 4 za uhaba, mpangilio ulioshuhudiwa uliunganishwa na maelezo ya mahojiano ya mwanamke husika kwa kutumia namba za siri. Wanawake ambao hawakuhojiwa hawakuweza kuingizwa. Mahojiano na ushuhudiaji viliendana kuhusu kutanguliza hela. Ushuhudiaji uliibua pia undugu, ambao mwongozo wa mahojiano haukuuliza. Data zote zilisomwa upya kwa jicho hilo. Maelezo ya vikundi yalitofautiana na vyanzo hivyo viwili, na tofauti hiyo imechambuliwa katika sura ya nne. Data zote zilikusanywa na kuchambuliwa na mtafiti mmoja."

Ni ndefu kuliko ya mwanzo, na dai lake ni dogo. Neno "kuthibitisha" limebaki mara moja tu, tena kusema kitu hakikuthibitishwa. Neno "triangulesheni" halimo kabisa. Unaweza kuliweka kwenye kichwa kidogo cha sehemu kama chuo chako kinataka lionekane, lakini maelezo yanajitosheleza bila hilo.

Angalia pia sentensi ya "ulinganisho ulifanyika baada ya ukusanyaji wa data". Wengi huona aibu kuiandika, wakitamani ionekane kwamba kila kitu kilipangwa tangu pendekezo la utafiti. Iandike. Kulinganisha baadaye kunakubalika, ila msomaji ana haki ya kujua, kwa sababu mtafiti aliyelinganisha akiwa bado uwandani angeweza kurudi kwa wanawake wengine na kuwauliza habari za undugu, na huyu hakuweza.

Jipime kabla ya kumpelekea msimamizi

Funika sentensi za chanzo kimoja kwa karatasi, kisha jiulize ni hoja gani kwenye sura ya nne itaanguka. Ukifunika daftari la BMU, hujui tena asubuhi zipi zilikuwa za uhaba. Ukifunika ushuhudiaji, undugu unapotea. Ukifunika chanzo na hakuna kinachoyumba, chanzo hicho bado hakijapewa kazi.

Kisha badilisha mada. Toa neno dagaa, weka chanjo. Kama aya bado inasomeka vizuri, umeandika kanuni za jumla na si utafiti wako.

Mwisho mpe rafiki asiyejua utafiti wako aya peke yake, na umwombe akuambie vyanzo vilitofautiana wapi. Asipoweza, rudi kwenye sentensi ya tofauti na uifanye iwe wazi.

Ukishamaliza, yapo maeneo mengine yanayobeba dai la zamani na husahaulika. Kwenye ikisiri futa "data zilithibitishwa kwa triangulesheni" na uweke sentensi moja ya kweli. Kwenye sura ya nne ondoa zile "vilevile" zinazounganisha vikundi na mahojiano kana kwamba ni mashahidi wawili, kisha ongeza kifungu kifupi kuhusu kanuni ya hadharani na utaratibu usiotangazwa. Kwenye mipaka ya utafiti ingiza mambo matatu: undugu haukuulizwa, katibu alikuwepo kwenye kikundi kimoja, na mtafiti alikuwa mmoja. Kwenye viambatisho weka jedwali dogo lenye safu nne, yaani chanzo, kazi yake, kitu ambacho hakiwezi kukiona, na hoja kilipotumika. Watahini hulipenda jedwali hilo, lakini lisichukue nafasi ya aya, maana jedwali halielezi vyanzo vilivyokutana vilifanya nini.

Ukigeuza tasnifu kuwa makala ya jarida, nafasi itakuwa finyu na utalazimika kukata. Kata idadi ya mikutano na maelezo ya vifaa kwanza. Kazi ya kila chanzo na mahali vilipotofautiana vibaki, hata kwa ufupi huu:

> "Mahojiano yalieleza mipango ya malipo, ushuhudiaji ulirekodi mpangilio wa kupokea ndoo, daftari la BMU lilitenganisha asubuhi za uhaba na zisizo za uhaba, vikundi, vyenye wahojiwa wengi walewale, vilionyesha kanuni ya hadharani. Mahojiano na ushuhudiaji viliendana kuhusu kutanguliza hela. Ushuhudiaji pekee uliibua undugu. Vikundi vilitofautiana na vyote viwili."